Kwa nini serikali isichape tu hela tukatajirika wote? Maongezi ya Jumamosi pale Mwanga, Kigoma

Wengi mmeniomba niandike nilichoongea Jumamosi kwa sababu spika ilikuwa inakatakata na waliokaa nyuma walisikia nusu, nusu nyingine wakamalizia wenyewe, na nimeshasikia mtaani eti mwalimu kasema serikali inatuficha hela. Sikusema hivyo. Nimeandika kama nilivyoongea, maswali nimeyaacha palepale yalipoulizwa, majina ya walioulizwa na waliouliza siweki.

Nilianza hivi.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama poleni na jua, vijana mambo vipi. Mimi mnanijua, nafundisha uchumi sekondari, sio mtu wa Benki Kuu wala sio mtu wa serikali, kwaiyo mkinikasirikia leo mnanikasirikia mimi tu. Nimeitwa hapa kwa sababu ya swali moja ambalo kijana wa bodaboda aliniuliza tukiwa njiani nikashindwa kumjibu mpaka tunafika, na sio kwamba jibu sina, ni kwamba jibu ni refu kuliko safari ya buku moja. Akasema mwalimu, hela si karatasi? Na serikali si ndio mwenye karatasi? Sasa kwa nini watu wanalala njaa, si wachape tu kila mtu apewe milioni kumi, tuishi?

Msimcheke. Ni swali zuri kuliko mnavyodhani, na kuna serikali za watu wazima wenye digrii zilishalijibu kwa kusema ndiyo, wakachapa, na moja wapo ilikuwa hapohapo ng'ambo ya ziwa letu. Nitafika huko, na huko ndiko nitakakokaa sana.

Kwanza turekebishe kitu kimoja kidogo. Noti zetu Benki Kuu haina mtambo wa kuzichapa pale Dar, inaziagiza kwa makampuni ya nje yenye kazi hiyo, zinakuja zimefungwa. Ila hoja ya kijana haiharibiki kwa hilo, mana ukitaka unaweza kuagiza mara kumi ya ulizokuwa unaagiza, na gharama ya karatasi na wino ni ndogo sana ukilinganisha na namba iliyoandikwa juu yake. Kuandika elfu kumi au kuandika milioni kumi wino ni uleule. Kwaiyo kinachotuzuia sio karatasi.

Twendeni Kibirizi, mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi. Mitumbwi imeingia, dagaa zimeshuka, tuseme leo zimeshuka beseni mia moja. Namba hizi ni zangu za kutungia mfano, msije mkaenda kudai bei. Wanunuzi wamekuja, ukizichanga hela zote walizokuja nazo mifukoni zinafika milioni tano. Dalali anapiga kelele, huyu anapanda huyu anashuka, mwisho beseni linaishia kwenye elfu hamsini, milioni tano gawa kwa mia. Watu wanaondoka.

Sasa usiku wa kuamkia kesho yake serikali inapita nyumba kwa nyumba, kila mwenye shilingi inamuongezea shilingi. Umelala na elfu hamsini unaamka na laki. Asubuhi unashuka mwaloni unapiga mluzi, leo nachukua beseni mbili. Tatizo ni kwamba na jirani yako naye anapiga mluzi. Na wa Ujiji naye, na wa Gungu, wote mmekuja kuchukua mbili mbili, na ziwa usiku kucha halikupata taarifa kwamba serikali imegawa hela. Beseni ni zilezile mia. Dalali hahitaji shule kujua cha kufanya, mtu wa kwanza akisema hamsini wa pili anasema sitini ili lisimpite, wa tatu sabini na tano, na inapanda mpaka zile hela zilizoongezeka ziishe, na zinaishia kwenye laki. Umerudi nyumbani na beseni moja. Kama jana.

Hapo kuna mama mmoja wa mawese akanyoosha mkono, akasema mwalimu, lakini hata bila hela kuongezwa dagaa hupanda, si mnaona ziwa likifungwa?

Ni kweli, na nilimshukuru kwa sababu hivi vitu viwili watu wanavichanganya kila siku. Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilipumzishwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na ziwa likifungwa hivyo dagaa anapaa bei. Hata zile siku za mbalamwezi kali, taa za wavuvi zinakuwa hazina maana, dagaa haji juu, bei inasogea. Lakini angalieni kitu. Ziwa likifungwa, dagaa anapanda, je na nauli ya kwenda Kasulu inapanda? Na daftari dukani? Na kunyoa? Havipandi, na pengine vingine vinashuka kidogo kwa sababu watu hela yao imeliwa na kitoweo. Dagaa kapanda kwa sababu dagaa kapungua. Ila ukiona dagaa kapanda, na mawese yamepanda, na muhogo, na nauli, na kinyozi, na sabuni, vyote kwa pamoja na vyote havijapungua, hapo kilichobadilika sio dagaa wala sabuni. Ni ile shilingi unayopimia. Hicho ndio wanakiita mfumuko wa bei, na ndio namna ya kukitambua: usiangalie kitu kimoja, angalia kama vinatembea vyote.

Kijana mmoja, nadhani yuko chuo, akasimama akanibana vizuri sana. Akasema mwalimu mfano wako unadanganya kidogo. Umesema beseni zinabaki mia. Lakini mvuvi akiona bei imepanda si atavua zaidi? Si atanunua nyavu, ataongeza mtumbwi, kesho kutwa beseni ziwe mia mbili, na hapo hela mpya imezaa dagaa wapya?

Nikamwambia kaa karibu, wewe umeshika mahali penyewe. Jibu ni inategemea kulikuwa na nini kimelala. Kama pale mwaloni kulikuwa na mitumbwi imeanikwa, injini nzima, vijana wako tayari, nyavu ziko dukani zinaota vumbi, na kilichokuwa kinakosekana ni hela tu ya kuvisukuma, basi ndio, hela ikiingia kiasi, kazi inaanza, na bei haitapanda sana. Hili wachumi hawalibishii. Ndio maana hata Benki Kuu yetu kila mwaka inaacha hela iongezeke, kwa sababu watu wanaongezeka, mashamba yanaongezeka, mizigo inaongezeka, na isipoongezeka hela ya kuvizungushia biashara inakwama. Wanalenga mfumuko ukae kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, hawalengi sifuri.

Ila mara nyingi vitu havijalala, havipo. Yule mvuvi akishika ile laki siku ya kwanza anajiona tajiri, anakimbia mjini kununua nyavu. Anafika anakuta wavuvi wenzie mia nao wamekimbia, nyavu dukani ni kumi. Kumbukeni mchezo wa beseni, unaanza upya kwenye nyavu. Alafu muuza nyavu anapoagiza nyingine zinatoka nje, za nje zinanunuliwa kwa dola, na mwenye dola anakuangalia anasema shilingi siku hizi zimekuwa nyingi, ongeza. Petroli ya injini vilevile. Kwaiyo kabla beseni hazijafika mia mbili gharama ya kuvua imeshamfuata mvuvi nyuma, na faida aliyoiota imeliwa njiani. Hela inaweza kuzunguka nchi kwa siku tatu. Mtumbwi unachukua wiki kadhaa kuchongwa, na mchikichi miaka mitatu minne mpaka uanze kuzaa, na fundi mzuri unamsomesha miaka. Hizo mbio mbili haziwezi kulingana.

Sasa tuvuke ziwa.

Wazee wa Ujiji na wa Katonga mnaikumbuka zaire. Sisemi nchi, ambayo siku hizi ni Kongo, nasema hela yake. Baba yangu mdogo alikuwa anapeleka sabuni na chumvi ng'ambo kwa boti na sanduku lake la bati lilikuwa limejaa zaire mpaka chini, tulichezea duka la watoto na hela halisi ya nchi ya watu, nanunua embe kwa milioni. Tulikuwa tunafurahi. Yeye alikuwa hafurahi.

Hiyo hela ilipozaliwa, 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Moja kwa mbili. Shaba ya Katanga ilikuwa inauzwa vizuri. Baadaye bei ya shaba ikaanguka, hela ya umma ikawa inatafunwa, migodi haitengenezwi, na mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka chini ya ardhi. Serikali ya Rais Mobutu ilikuwa inaishi kwa shaba. Shaba ikapungua lakini mishahara haikupungua, wanajeshi wapo, mawaziri wapo, ndege zipo. Kodi haikusanyiki. Kukopa nje wameshagoma kumkopesha. Imebaki mlango mmoja, Benki Kuu yao. Na mlango huo ukiufungua mara ya kwanza hakuna kelele yoyote, ndio ubaya wake.

Naomba mtulie hapa mwone hatua kwa hatua inavyokwenda, kwa sababu watu wanadhani ni ujinga tu wa mtu mmoja. Serikali inachapa, inalipa wanajeshi. Wanajeshi ndio wa kwanza kwenda sokoni, na wao wanakuta bei bado ya jana, kwaiyo wao wanafaidi kweli. Muuza unga anauza haraka, anapandisha. Mwalimu analipwa mwezi ujao kwa mshahara uleule, anakuta unga umeshapanda, yeye ndiye aliyelipia ule unga wa mwanajeshi bila kujua na bila risiti. Bibi kijijini aliyeficha hela kwenye mtungi ndiye analipa zaidi ya wote. Hiyo ni kodi jamani, imekatwa ndani ya mtungi bila mtungi kufunguliwa. Watu wakishaistukia, hakuna anayetaka kulala na hela. Ukilipwa asubuhi, mchana umeshanunua chochote, chumvi, misumari, dola, sio kwa sababu unakihitaji, ila ili usibaki na karatasi. Kila mtu anairusha kwa mwenzake kama kaa la moto. Na hela ikikimbia hivyo bei zinapanda haraka kuliko hata ile mashine inavyochapa. Hapo serikali inakuta noti ilizochapa mwezi jana hazitoshi kulipa mishahara ileile, inachapa zaidi, na kila awamu inapata kitu kidogo zaidi kwa karatasi nyingi zaidi.

Mwishoni mwa 1992 wakatoa noti ya zaire milioni tano. Noti moja. Ilikuwa na thamani ya kama dola mbili. Kumbukeni tulipoanzia, zaire moja dola mbili, sasa milioni tano dola mbili. Waziri Mkuu wa wakati huo, Étienne Tshisekedi, ambaye alikuwa anavutana na Mobutu, akatangaza kwamba noti hii si halali, msipokee. Wafanyabiashara wakagoma kuipokea. Januari 1993 wanajeshi wakalipwa kwa hiyohiyo. Sasa fikiria una bunduki, umelipwa mshahara, umeenda dukani unaambiwa hii sio hela. Walivunja maduka ya Kinshasa, wakapiga risasi, watu mamia wakafa, na balozi wa Ufaransa akauawa akiwa pale ubalozini kwake. Karatasi ilikuwa mpya, haina hata mkunjo, imesainiwa na imepigwa picha ya rais. Ila hakukuwa na unga upande wa pili wa ile noti.

Oktoba mwaka huohuo wakaamua kufuta sifuri. Wakaleta zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani, na zaire mpya tatu zikawa dola moja. Noti nzuri, namba ndogo, watu wakapumua. Lakini mashine haikusimama. Kufika mwisho wa 1994 dola moja ilikuwa inataka zaire mpya zaidi ya elfu tatu.

Sasa hapa ndipo nilipotaka mfike, na hii sehemu hata walimu wenzangu wengi hawaijui.

Zaire mpya ilipotolewa, kuna mikoa miwili iligoma. Kasai mbili zile, Mashariki na Magharibi, kwenye almasi za Mbuji-Mayi, na nyumbani kwa Tshisekedi mwenyewe. Walisema sisi hatuitaki hiyo mpya yenu, tunabaki na za zamani. Serikali ikasema za zamani sio hela tena. Wakasema kwetu ni hela. Na wakaendelea kuuziana nyanya na mihogo kwa noti zilizofutwa, zimechakaa, zimeungwa kwa gundi, hakuna benki kuu nyuma yake, hakuna serikali inayozitambua.

Mnaona hiyo ni kitu gani? Ni kama Mungu aliamua kutupa jaribio la maabara. Nchi moja, rais mmoja, barabara mbovu zilezile, vita vilevile vya kisiasa. Upande mmoja hela ambayo mashine inaweza kuiongeza. Upande wa pili hela ambayo hakuna mtu duniani anaichapa tena, zilizopo ndizo zilizopo, na kila mwaka zinachanika zinapungua.

Wakaishi hivyo karibu miaka mitano. Mobutu akaondoka 1997, Kabila akaingia, na katikati ya 1998 ikaletwa faranga ya Kongo kuwaunganisha wote. Ikabidi wapange bei ya kubadilisha. Waliokuwa na zaire mpya, faranga moja walitoa zaire mpya laki moja. Kumbukeni kila zaire mpya ilizaliwa ikiwa ni milioni tatu za zamani, kwaiyo laki moja hizo ni sawa na zamani bilioni mia tatu. Wale wa Kasai waliokuwa na za zamani, faranga moja walitoa za zamani milioni kumi na nne.

Nilirudia hii mara mbili ukumbini na nairudia hapa. Bilioni mia tatu upande huu, milioni kumi na nne upande ule, kwa faranga moja. Piga hesabu kwenye simu yako, ni zaidi ya mara elfu ishirini. Karatasi iliyofutwa, chafu, isiyo na mwenyewe, ilikuwa imetunza thamani zaidi ya mara elfu ishirini kuliko karatasi mpya yenye saini ya gavana. Na tofauti kubwa kati yao ni kwamba moja iliweza kuchapwa na nyingine haikuweza.

Kwa uaminifu niseme na upande wa pili, sitaki mtu aondoke anadhani Kasai ilikuwa peponi. Wao walikuwa na almasi, dola zilikuwa zinaingia, hiyo iliwasaidia. Na hela isiyoongezeka kabisa nayo ni adha, noti zinachakaa mpaka hazisomeki, na biashara ikitaka kukua hela hakuna. Na hawakuwa matajiri, jamani. Hilo nalo litazameni, hela yao ilikuwa ngumu na bado barabara hazikujengeka. Hela ngumu haileti dagaa ziwani, kama vile hela nyingi haileti.

Maswali yakawa mengi hapo, nitaandika matatu tu.

Wa kwanza ni yuleyule wa bodaboda. Mbona Marekani wanachapa wanavyotaka?

Wanachapa sana, ni kweli, na wakati wa korona waligawa hela mpaka kwenye akaunti za watu. Wana kitu ambacho sisi hatuna: dola inatakiwa na dunia nzima. Wewe ukitaka kuagiza pikipiki unatafuta dola, mfanyabiashara wa Lubumbashi anaweka akiba kwa dola, benki kuu za nchi kibao zinaweka dola. Kwaiyo dola nyingine zinazotoka zinaenda kulala huko duniani, hazirudi zote sokoni kwao kugombania mkate. Nani ng'ambo anaficha shilingi yetu chini ya godoro? Pale Bujumbura labda wachache. Na pamoja na hilo hata wao halikuwaacha salama, Juni 2022 mfumuko wao ulifika asilimia 9.1, kwa Mmarekani hiyo ni kelele, hawakuwa wameiona zaidi ya miaka arobaini. Hawajakwepa ile hesabu ya beseni, wana mwalo mkubwa zaidi tu.

Wa pili ni mzee mmoja fundi ujenzi, na hili ndilo lililonipendeza. Akasema haya, msigawe. Chapeni, alafu hela yote iende kwenye kitu, barabara au hii reli ya SGR ya kutoka Tabora kuja Kigoma. Si tutakuwa na reli?

Nikamuuliza mzee, wewe unajenga, nondo zinatoka wapi? Saruji je? Akasema dukani. Dukani zipo ngapi? Akacheka, mana alishaona ninakokwenda. Serikali ikija na hela mpya sokoni kununua saruji, mifuko ni ileile, kwaiyo itakachofanya ni kumpokonya aliyekuwa anajenga chumba na sebule. Bei inapanda, mwenye chumba anaahirisha, saruji inaenda kwenye reli. Reli unapata, ila imelipiwa na yule mwenye chumba ambaye hakuna mtu aliyemuuliza. Kodi ingekuwa imemkata waziwazi, kuna bunge limepitisha, kuna mtu wa kumlaumu. Na vichwa vya treni na mataruma ya nje hayanunuliwi kwa shilingi, yanataka dola, na dola tunaipata kwa kahawa, dhahabu, watalii, mizigo ya Wakongo inayopita bandarini. Ukichapa shilingi kwenda kununulia dola umewaongezea tu wanaoitafuta dola, bei yake inapanda. Deni la nje ni vilevile.

Ila nilimwambia pia, kama kweli saruji ingekuwa imejaa maghala haina mnunuzi na mafundi kama yeye wamekaa kijiweni mwezi mzima, basi hoja yake ingekuwa na nguvu, na hapo watu wanabishana kwa haki kabisa kiasi gani. Ndio maana sheria yetu ya Benki Kuu ya 2006 haijakataza kabisa serikali kukopa Benki Kuu, imeweka kikomo kinachopimwa kwa mapato ya serikali. Wanaruhusiwa kuchota kusubiri kodi iingie, hawaruhusiwi kuhamia kisimani.

Wazee wakanikumbusha miaka ya themanini hapa kwetu, na walikuwa sahihi. Bei zilikuwa zinakimbia kama asilimia thelathini kwa mwaka, na serikali ikajaribu kuzizuia kwa amri, bei elekezi. Ukizuia bei na hela ni nyingi, foleni inakuwa ndio bei. Hela unayo mfukoni, sabuni hamna, na ile inayopatikana inapatikana usiku kwa magendo kutoka upande wa Burundi. Mama yangu anasema alisimama foleni kutwa kwa kipande cha sabuni. Ile kutwa yake ndiyo ilikuwa nyongeza ya bei.

Swali la tatu liliulizwa na binti wa kidato cha nne, akasema sir, siku hizi hela iko kwenye simu, haichapwi, kwaiyo hii hesabu si imekufa? Nikamwambia ile ya kwenye simu ina shilingi yake iliyowekwa benki nyuma, umehamisha tu ilipo. Kinachoongeza hela nchini bila karatasi ni benki zinapokopesha. Ukikopeshwa milioni mbili hazijachapwa popote, zimeandikwa kwenye akaunti yako, na unakwenda nazo mwaloni kama wengine. Ndio maana tangu Januari 2024 Benki Kuu inatangaza riba yake ili mikopo isikimbie kuliko beseni. Karatasi au namba kwenye simu, dalali hajali, anasikiliza tu nani kataja kubwa.

Wakati watu wanaanza kuinuka, mzee mmoja wa Ujiji akaja mbele na mfuko wa rambo. Akaufungua, zaire tupu, mabulungutu yamefungwa kwa mpira uliokatika. Aliuza mawese kule, akalipwa, akasubiri bei iwe nzuri abadilishe. Akaniuliza nani atazichukua sasa.

Benki hakuna, muda wa kubadilisha ulishapita zamani. Nikamwambia kuna watu mtandaoni wanakusanya noti za zamani kama kumbukumbu, kuna wanaonunua hata ile ya Zimbabwe ya dola trilioni mia ya 2009. Akafurahi, akauliza kwa hiyo mfuko mzima ni bei gani. Nikamwambia hapana mzee, chagua moja ambayo haijakunjwa, maana wakijua uko na mfuko mzima hata hiyo moja hawataitaka.